Barua ya kuomba KRA ikusamehe penalti: sababu zinazoshika na zile hazishiki tena

Ikishapita tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kufaili ritani ya kodi ya mwaka hapa Kenya, watu huanza kutafutana na sampuli ya barua ya kuomba msamaha wa penalti. Mtu anapata moja kwa rafiki, anabadilisha jina na PIN, anapeleka. Na karibu zote zinasema vile vile: nilikuwa mgonjwa, biashara ilianguka, nina watoto shule, naomba mnielewe. Shida ni kwamba hizo sampuli nyingi zimeandikwa kwa sheria ambayo haiko tena, na mwenye kuandika hajui, anangoja miezi akidhani ofisi imemdharau, kumbe barua yake haikugusa sababu hata moja ambayo sheria inaruhusu.

Ngoja nieleze ilivyokuwa ndio ieleweke ilivyo sasa.

Penalti na riba za kodi zinasimamiwa na Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015. Kwa miaka kadhaa kifungu cha 89 kilikuwa kinampa Kamishna nafasi ya kusamehe penalti au riba mtu akiandika kuomba, na sababu zilizotajwa zilikuwa pana sana, kama ugumu wa maisha na haki. Hapo ndipo zile barua za ugonjwa na kufilisika zilikuwa zinaingia, na zingine zilikubaliwa kabisa. Halafu ikaja Sheria ya Fedha ya 2023 ikaondoa huo mlango. Badala yake wakaweka msamaha wa jumla: kama penalti na riba zako ni za kipindi cha hadi 31 Desemba 2022, ulilipa kodi yenyewe kufikia 30 Juni 2024, zile zingine zikafutwa. Huo msamaha ukaongezwa tena mwisho wa 2024, ukashika madeni ya hadi 31 Desemba 2023, na siku ya mwisho ya kulipa ikawa 30 Juni 2025. Kama ulikuwa tayari umelipa kodi yote ya vile vipindi, penalti zilipaswa kufutwa bila hata kuomba, kwa hiyo ukiona ya 2021 au 2022 bado imekaa kwa leja yako na kodi ulimaliza zamani, hiyo ya kwako ni ya kuuliza kwa nini haijatoka.

Sasa msamaha wa jumla ukaisha, na Sheria ya Fedha ya 2025 ikarudisha maombi ya mtu mmoja mmoja, lakini mlango ni mwembamba. Sababu ni nne tu. Moja, penalti imetokana na kosa lililotengenezwa na mfumo wa kielektroniki wa kodi. Mbili, mfumo ulichelewa kusasishwa. Tatu, penalti au riba imewekwa mara mbili kwa sababu mfumo ulikuwa na hitilafu. Nne, uliandikishwa wajibu wa kodi usio wako. Basi. Kamishna akiridhika anapendekeza, na mwenye kusamehe ni Waziri wa Fedha, yote au sehemu. Ugonjwa hauko hapo. Kusahau hakuko hapo. Na mimi naona hiyo ni sheria ngumu kwa mtu aliyekuwa amelazwa hospitali mwezi mzima wa Juni, sitasema ni haki, lakini ndio iliyoko, na ukiandika kama vile ile ya zamani bado iko unajipotezea wakati.

Kabla ya kuandika chochote, ingia iTax ufungue `My Ledger` uangalie deni lako limetengenezwa na nini, juu watu wengi husema "nina penalti ya elfu kumi na mbili" na kumbe ni vitu vitatu vimekaa pamoja. Kuna penalti ya kuchelewa kufaili ritani: kwa mtu binafsi ritani ya mwaka ni asilimia 5 ya kodi inayodaiwa au shilingi 2,000, ile iliyo kubwa, kwa kampuni ni asilimia 5 au 20,000. Kuna penalti ya kuchelewa kulipa, asilimia 5 ya kodi ambayo haijalipwa. Na kuna riba, asilimia 1 kila mwezi kwa kodi iliyobaki, mpaka ulipe. Hizo tatu kila moja ina chanzo chake na kila moja lazima itajwe kivyake kwenye barua, na kipindi chake. Kodi yenyewe haiombewi msamaha kwa njia hii hata siku moja. Mtu akiandika "naomba mnifutie deni lote la 48,000" na ndani yake kuna 30,000 ya kodi halisi, ameshaonyesha kwamba hajaangalia leja.

Na kama ni ile 2,000 ya ritani ya mwaka na kweli ulisahau tu, ushauri wangu ni ulipe, uendelee na maisha. Barua haitakusaidia na itakukalia mwaka.

Ile sababu ninayotaka tuikalie ni ya nne, wajibu wa kodi usio wako, kwa sababu ndio inaumiza watu wadogo zaidi na ndio watu hawajui wanayo. Huwa inaanza hivi. Mtu anaenda saiba kufunguliwa PIN au kubadilisha maelezo ya PIN aliyonayo kwa sababu anafungua duka. Jamaa wa saiba anajaza fomu haraka, akifika pale kwa wajibu wa kodi anatiki kila kitu kinachoonekana cha biashara, ikiwemo PAYE. Sasa PAYE ni kodi ya mwajiri, mtu anayekata mishahara ya wafanyakazi. Ukishatikiwa, mfumo unakutambua kama mwajiri na unangoja ritani yako kila mwezi, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Usipoleta, penalti ya PAYE ni asilimia 25 ya kodi inayodaiwa au 10,000, ile iliyo kubwa. Huna mfanyakazi kwa hiyo kodi ni sifuri, asilimia 25 ya sifuri ni sifuri, kwa hiyo inayochukuliwa ni ile 10,000. Kila mwezi. Kwa mtu ambaye hajaajiri hata mtu mmoja.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Mama mmoja Nakuru ana PIN ya kawaida tangu 2019. Julai 2025 anafungua duka la nguo za watoto, anaenda saiba kurekebisha PIN, wanamtilia PAYE bila yeye kujua. Duka anakaa mwenyewe kuanzia asubuhi mpaka jioni. Januari 2026 shule moja inataka awauzie sweta, wanamuomba cheti cha kuonyesha amemalizana na kodi, ile Tax Compliance Certificate. Anaomba, inakataa. Anafungua leja anakuta PAYE ya Julai, Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba, kila mwezi 10,000, jumla 60,000. Ile ya Desemba ndio imeingia juzi tu maanake siku yake ilikuwa 9 Januari.

Kitu cha kwanza, kabla ya barua, ni kuchapisha cheti chake cha PIN. Huko chini kuna jedwali la wajibu wa kodi, na kila mstari unaonyesha jina la wajibu, tarehe ulioanza, tarehe ya kuisha kama iko, na hali yake. Kwake kuna mistari miwili. Mmoja ni wa kodi ya mapato ya mtu binafsi, umeanza 2019. Wa pili ni `Income Tax - PAYE`, umeanza 01/07/2025, na hali yake ni `Active`. Hiyo karatasi moja ina uzito kuliko kurasa tatu za maelezo, kwa sababu inaonyesha kwa rekodi yao wenyewe kwamba huo wajibu uliingia siku gani, na ni siku ambayo maelezo ya PIN yalibadilishwa.

Cha pili ni kusimamisha damu. Wajibu ukiwa bado `Active`, tarehe 9 Februari itafika na 10,000 nyingine itaingia hata kama barua iko njiani. Kwa hiyo anafaili ritani tupu za ile miezi sita kupitia `Returns`, halafu `File Nil Return`, anachagua wajibu wa PAYE na kipindi, mwezi mmoja mmoja, na anaweka zile risiti zote za kukubaliwa. Halafu anaomba wajibu wa PAYE uondolewe kwenye PIN. Hili ni ombi la pembeni kabisa na lile la msamaha, na hapa ndipo nimeona watu wakichanganyikiwa sana: wanaondolewa PAYE, wanafurahi, wanadhani imeisha, na miezi baadaye cheti kinakataa tena kwa sababu zile 60,000 ziko pale pale. Kuondoa wajibu kunazuia penalti mpya, hakufuti za nyuma. Na ukiomba msamaha bila kuondoa wajibu, afisa anayesoma atajiuliza, kama kweli huu wajibu si wake mbona bado ameuacha?

Lakini hapo kwa ritani tupu lazima useme ukweli. Kama una kijana anakusaidia dukani na unamlipa mshahara kila mwezi, hata kama ni 12,000 na hafiki kiwango cha kukatwa kodi ya mapato, wewe ni mwajiri, kuna makato mengine yake unapaswa kuwa unapeleka kama ya nyumba, NSSF na SHA. Huwezi kuandika kwamba huna mfanyakazi. Ukiandika hivyo na jina lake linapatikana NSSF chini ya biashara yako, umegeuza ombi la msamaha kuwa taarifa ya uongo, na sababu ya nne haikuhusu tena.

Sasa barua. Fupi, ukurasa mmoja, ikielekezwa kwa Kamishna kupitia ofisi ya KRA inayosimamia PIN yako. Wengi huiandika kwa Kiingereza kwa sababu iTax yote ni Kiingereza, mimi naiweka hapa kwa Kiswahili ieleweke, mpangilio ni ule ule:

"Yah: Ombi la kusamehewa penalti za kuchelewa kufaili ritani za PAYE, Julai hadi Desemba 2025, jumla shilingi 60,000. PIN: (weka yako).

Naomba kusamehewa penalti zilizotajwa hapo juu chini ya kifungu cha 89 cha Sheria ya Taratibu za Kodi, kwa sababu zimetokana na kuandikishwa wajibu wa kodi usio wangu.

PIN yangu ilifunguliwa mwaka 2019 ikiwa na wajibu mmoja, kodi ya mapato ya mtu binafsi. Tarehe 1 Julai 2025, wakati wa kubadilisha maelezo ya PIN ili kuongeza biashara ya duka la nguo, wajibu wa PAYE uliongezwa. Sijawahi kuajiri mtu yeyote. Sina usajili wa mwajiri NSSF wala SHA, na taarifa za akaunti yangu za kipindi hicho hazina malipo ya mshahara.

Niligundua tarehe 14 Januari 2026 nilipoomba cheti cha uzingatiaji wa kodi. Nimefaili ritani zote sita tarehe 15 Januari 2026 na siku hiyo hiyo nikaomba wajibu wa PAYE uondolewe. Sidaiwi kodi yoyote.

Penalti ninazoomba zisamehewe ni 10,000 kwa kila mwezi wa Julai, Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba 2025.

Nimeambatisha cheti cha PIN, nakala ya leja, risiti za ritani sita, uthibitisho wa ombi la kuondoa wajibu, na taarifa za akaunti."

Basi, inatosha. Angalia kitu kimoja: hakuna mahali amelia. Si kwamba shida zake hazina maana, 60,000 kwa duka dogo ni stoki ya mwezi mzima, ni kwamba afisa anayepokea ana kazi ya kuandika pendekezo, na pendekezo lake lazima liseme sababu ni gani kati ya zile nne na ushahidi uko wapi. Barua ikimpa hivyo vitu viwili kwa mpangilio, anaweza kuandika. Ikimpa stori ndefu ya mwaka mgumu, hata akikuhurumia hana pa kuishikilia. Ukitaka kutaja ugumu, taja kwa sentensi moja mwishoni, usiufanye uti wa mgongo wa barua.

Angalia pia hakumlaumu mtu wa saiba kwa aya nzima. Lawama haithibitishi kitu, kinachothibitisha ni tarehe. Na tarehe zake zinafuatana vizuri: aligundua 14, alirekebisha 15. Ukikaa na jambo miezi minne baada ya kugundua, sema kwa nini, juu yule anayesoma ataliona hilo pengo kabla ya kitu kingine chochote.

Ombi lenyewe linaingizwa iTax, chini ya `Debt and Enforcement`, kuna sehemu imeandikwa `Request for Waiver of Penalties and Interests`. Unachagua wajibu, unachagua kama ni penalti au riba, unachagua vipindi, unaandika sababu, unaambatisha barua na vielelezo. Ukimaliza inakupa risiti ya kupokelewa yenye namba. Hiyo namba ndio utaitumia kufuatilia, iwe kwa simu au ukienda ofisini, kwa hiyo ichapishe na uiweke pamoja na vile vingine. Makosa ya hapa ni mawili hivi. Mtu anachagua mwezi mmoja na kwa maelezo anaandika miezi sita, inashughulikiwa ile mmoja. Au kiasi alichoandika kwenye barua hakilingani na leja kwa sababu aliandika barua wiki mbili kabla na leja imeongezeka. Fungua leja siku ile ile unayopeleka.

Zile sababu zingine tatu zinafuata mwendo huo huo, kinachobadilika ni ushahidi. Kama penalti imewekwa mara mbili, leja yenyewe inatosha, unaweka alama mistari miwili yenye kipindi kimoja na kiasi kimoja. Kama ulilipa kwa wakati na mfumo ukachelewa kuonyesha, unahitaji ile PRN, ambayo ni namba ya malipo unayotengenezewa kabla ya kulipa, pamoja na meseji ya M-Pesa au risiti ya benki yenye tarehe. Tarehe ya malipo ikiwa kabla ya siku ya mwisho na leja inaonyesha baada, umemaliza kesi.

Ile ngumu ni ya kosa la mfumo, hasa la usiku wa 30 Juni. Watu husema "sistimu ilikuwa chini" na pengine ni kweli kabisa, lakini miezi mitatu baadaye huwezi kuthibitisha. Inayoshika ni picha ya skrini yenye ule ujumbe wa kosa, PIN yako na saa ikionekana, na barua pepe uliyowatumia usiku ule ule ukieleza imekataa wapi, hata kama walijibu baadaye. Inayofaa zaidi ni kuonyesha ulijaribu siku zaidi ya moja, maanake kusema ukurasa ulikuwa unafunguka polepole siku ya mwisho ambapo nchi nzima imeingia, hilo ni gumu kuliita kosa lililotengenezwa na mfumo. Kwa hiyo ukikwama usiku ule, usifunge kompyuta ukalale, piga picha, tuma barua pepe, jaribu tena asubuhi na ufaili hata kama ni tarehe 1. Ritani iliyofailiwa siku moja baadaye inaonyesha ulikuwa unajaribu, iliyofailiwa Oktoba haionyeshi hivyo.

Sasa ikiwa huna hata moja ya zile nne, kuna njia mbili zingine na hazifanani. Kama unaona penalti yenyewe imewekwa kimakosa kwa sababu kodi iliyokadiriwa si sahihi, hiyo si kuomba msamaha, hiyo ni kupinga uamuzi, na pingamizi lina muda wake, siku 30 tangu upewe taarifa ya uamuzi. Watu wengi hupoteza hizo siku 30 wakiandika barua za kuomba huruma kwa deni ambalo hawakupaswa kudaiwa kamwe. Na kama deni ni halali na pesa hakuna, unaweza kuomba ulipe kidogo kidogo, hiyo pia inaruhusiwa na sheria hiyo hiyo. Pendekeza kiasi ambacho utaweza kweli kila mwezi, ukianza na kodi yenyewe kwa sababu ndiyo inayozaa riba ya asilimia 1, na ulipe kwa tarehe mliyokubaliana, kwa sababu ukiruka awamu moja unaweza kudaiwa baki lote kwa mpigo.